Ukurasa Gani? Swali Linaloweza Kuokoa Klabu Yenu ya Kusoma

Ukitaka kujua kama klabu ya kusoma darasani mwenu ina uhai, usihesabu vitabu mlivyomaliza. Kaa nyuma dakika kumi usikilize. Kama mmoja anasimama na kutoa muhtasari wa sura, wenzake wanapiga makofi, kisha wa pili anasimama kutaja maudhui matano ambayo kila mtu ameyaona kwenye mwongozo, basi hapo hapana klabu. Hicho ni kipindi cha Kiswahili kilichohamishiwa Ijumaa jioni.

Nawaandikia nyinyi wa Kidato cha Pili na cha Tatu hapa Eldoret, pamoja na mwalimu aliyekubali kuwalea. Shida yenu si uvivu. Mmefundishwa kusoma kitabu kwa jicho la mtihani: dondoo hili lina muktadha gani, nani anamwambia nani, wapi, kwa nini. Ni ujuzi mzuri na una alama zake. Lakini jibu la swali la namna hiyo tayari liko kwa mtahini. Kazi yako ni kulifikia tu. Klabu inakuuliza jambo ambalo mtahini halijui: wewe unaonaje, na umeyatoa wapi?

Kwa hivyo anzeni na kitabu ambacho hakitawafuata hadi chumba cha mtihani. Mimi napendekeza riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ilitahiniwa katika KCSE hadi mwaka 2022, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ikachukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba nakala za zamani zimo nyumbani kwa kaka na dada zenu na kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Faida ya pili ni kwamba hakuna atakayeisoma akiwinda alama.

Hamhitaji nakala ya kila mtu. Darasa la wanafunzi 48 ligawanyeni makundi sita ya watu wanane. Kila kundi likipata nakala nne, wawili wanashirikiana moja. Mmoja anakaa nayo Jumamosi hadi Jumatatu, mwenzake Jumanne hadi Alhamisi, na Ijumaa kitabu kinarudi darasani. Kurasa 20 kwa wiki zinatosha. Mkijipa 60, wachache watasoma na waliobaki watakimbilia mwongozo, na mtarudi palepale. Mkikosa nakala 24, anzeni na kundi moja tu. Afadhali wanane waliosoma kuliko 48 waliosimuliwa.

Sasa, swali. Hapa ndipo klabu nyingi huzama. "Jadili maudhui ya ukabila" si swali la mazungumzo, kwani hakuna atakayesimama kuutetea ukabila. Mtaorodhesha, mtachoka, mtaenda zenu. Swali la klabu ni lile ambalo watu wawili waliosoma kurasa zilezile kwa makini wanaweza kulijibu tofauti, na kila mmoja akawa na ukurasa wa kuonyesha. Lijaribuni kabla ya kikao: wawili walijibu kwa maandishi bila kuonyeshana. Wakiandika jibu moja, tafuteni jingine.

Tuchukue mfano wa Dick. Wewe uliyesoma riwaya hii unamkumbuka: mtoto anayeibwa pamoja na mdogo wake Mwaliko na Sauna, mfanyakazi wa nyumbani mwao, kisha anaishia mikononi mwa mtu anayemtumia kusafirisha dawa za kulevya. Swali liwe hili: je, Dick anastahili lawama kwa kazi aliyoifanya?

Kipindi kina dakika 40. Tano za kwanza ni za kimya. Kila mmoja anaandika sentensi moja ya msimamo wake na namba ya ukurasa unaomtegemeza. Dakika hizi tano msizifute hata mkichelewa. Bila hizo, wale watatu wenye ndimi nyepesi watasema kwanza na waliobaki watachagua wa kumfuata. Mtu aliyekwisha kuandika ana kitu chake mkononi, hata kama ni mnyamavu.

Kisha mduara, dakika 25, chini ya kanuni mbili tu. Ya kwanza: ukidai jambo kuhusu mhusika, yeyote ana haki ya kuuliza, "Ukurasa gani?" Ya pili: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia alichosema kwa maneno yako mpaka akubali kwamba ndicho alichosema. Kanuni ya pili itawachosha wiki mbili za mwanzo. Mtagundua kwamba mara nyingi mlikuwa mnajibu kitu ambacho hakuna aliyekisema.

Tuseme mmoja anaanza: Dick ana makosa, kwa sababu alijua alichokibeba na akaendelea nacho hata alipokuwa mtu mzima. Mwenzake anataka kuruka juu, lakini kanuni inamshika. Anasema kwanza, "Unasema kosa lake ni kujua, si kubeba. Sivyo?" Sivyo kabisa, anajibiwa, kosa ni kuendelea. Tayari wamepata tofauti ambayo dakika moja nyuma haikuwapo. Hapo wa pili anafungua mahali Dick anapotishwa alipokataa, anauliza mtoto asiye na mzazi wala nauli angekimbilia wapi. Wa tatu aliyekuwa kimya anauliza: tishio hilo lilikwisha lini? Mbona baadaye aliweza kuiacha kazi hiyo na kuanza biashara yake mwenyewe?

Angalia kilichotokea. Walianza na ndiyo au hapana, wakafika kwenye "kuanzia lini". Hakuna aliyeshinda. Mdahalo wa shule una upande wa kuunga na wa kupinga, na mwisho wake ni kura. Klabu ikigeuka mdahalo, kila mtu atashikilia alichokiandika mwanzoni kwa sababu kubadilisha msimamo ni kushindwa. Ndiyo maana dakika kumi za mwisho ni za daftari tena: andika sentensi yako upya, na useme ni hoja ya nani iliyoisogeza, au kwa nini haikusogea. Mwalimu akitaka kujua kama klabu inafanya kazi, asome sentensi mbili za kila mmoja, ya kwanza na ya mwisho. Zikifanana neno kwa neno kwa darasa zima wiki tatu mfululizo, swali ni baya au hakuna anayesikiliza.

Dick ni wa kujizoezea. Kurasa ngumu zaidi, kwa mji wetu, ni za Ridhaa. Daktari huyu anapoteza mkewe Terry na watoto katika moto baada ya uchaguzi, na anayehusishwa na moto huo ni Mzee Kedi, jirani yake. Matei hakuitaja Eldoret. Aliipa nchi yake jina la kubuni, Wahafidhina. Lakini nani hapa atasoma kurasa hizo asiikumbuke Kiambaa? Tarehe 1 Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya urais yaliyozozaniwa, kanisa la Kiambaa, viungani mwa mji huu, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mmeipata habari hiyo nyumbani, na kila nyumba ina namna yake ya kuisimulia. Kisha mnakaa dawati moja, huyu wa Langas, yule wa Kapsoya, mwingine wa Huruma.

Kuna walimu wanaoziruka kurasa hizi kwa hofu. Naielewa hofu yao, ila kuziruka hakuondoi kitu. Yale maneno yatasemwa tu bwenini na ndani ya matatu, mahali ambapo hakuna wa kuuliza ukurasa gani.

Msianze hapo, lakini. Subirini hadi kikao cha sita au cha saba, kanuni mbili zikiwa zimezoeleka. Na swali lisiwe "nani alianza?" Hilo haliulizi kitabu, linauliza kabila la mtu. Ulizeni: Ridhaa aliishi na majirani hao miaka mingi, akawatibu. Ni nini katika riwaya kinachoonyesha lini na vipi aligeuka mgeni machoni pao? Mtarudi hadi utotoni mwake, alivyotengwa na wenzake shuleni kwa sababu familia yake ilihamia pale. Mtabishana kama chuki ilizaliwa usiku wa uchaguzi au ilikuwapo siku zote ikingoja.

Siku moja mtu atateleza. Atasema, "Lakini nyinyi ndio..." Hapo chumba kitaganda. Mwenyekiti asimfokee wala asihutubie kuhusu amani. Aulize kwa sauti ileile ya kila wiki: "Ukurasa gani?" Swali hilo halimwiti mtu mkabila na halimnyamazishi. Linamrudisha kwa Ridhaa na Kedi, ambao wote tunaruhusiwa kuwahukumu. Na kuwe na kanuni moja ya ziada kwa kikao hicho: hakuna anayeombwa kusimulia ya kwao, na hakuna anayesema kwa niaba ya jamii yake. Anayetaka kusimulia kwa hiari yake asikilizwe, asijibiwe hoja. Msiba wa mtu si dai la kutafutiwa ushahidi. Mwalimu akiona mwanafunzi ameinamisha kichwa au ametoka nje, asimamishe kikao. Klabu haiponyi majeraha, na mwalimu wa ushauri yupo kwa sababu hiyo.

La mwisho ni mwalimu mwenyewe. Klabu nyingi huuawa na jibu zuri la mwalimu. Akishasema anavyoona, kalamu zote zinaandika alivyoona. Basi akae nje ya mduara na karatasi yenye majina, atie alama kila mtu anaposema. Mwisho wa kikao awaonyeshe tu karatasi hiyo. Kama mmoja ana alama 14 na watano hawana hata moja, hahitaji kuwahubiria. Wiki inayofuata mwenyekiti, ambaye ni zamu ya kila mmoja, aanze na wale watano kwa kuwaomba wasome sentensi walizokwisha kuandika.

Ijumaa hii, basi, msitafute bajeti wala fulana za klabu. Tafuteni nakala nne, watu wanane na swali moja ambalo wawili kati yenu wamelijibu tofauti. Mtu akisema jambo, mwulizeni ukurasa. Na wewe ukiulizwa, usikasirike. Fungua kitabu.