Suluhu Kwanza, Kisha Mahakama ya Gitega

Mfanyakazi wa Muyinga aliyefukuzwa kazi bila ilani, naye hana fedha za kumlipa wakili, yampasa aanze kwa inspekta wa kazi, ambaye huziita pande mbili kutafuta suluhu bila malipo, na zisipoafikiana huandika hati ya kushindikana kwa suluhu, ambayo mdai huiambatisha na dai lake katika Mahakama ya Kazi ya Gitega. Ikiwa mkataba ulikuwa wa mdomo, mashahidi na michango ya INSS humfaa kuthibitisha ajira. Ushauri autake kwa vyama vya wafanyakazi vilivyomo katika COSYBU, wala asitie sahihi stakabadhi ya malipo ya mwisho kabla ya kusomewa.