Pini Inayoelea Haiponi kwa delay()

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu. Sisi tunaoandika programu tuna tabia moja mbaya: kila tatizo tukiliona kwenye skrini, tunadhani dawa yake imo kwenye skrini. Namba zikicheza tunaongeza delay. Zikiendelea kucheza tunachukua wastani. Wastani nao ukikataa, tunamwambia mwenye shida anunue bodi nyingine. Nimeona madhara ya ushauri huo nyumbani Ndanai, na sitanyamaza.

Mwanafunzi mmoja wa chuo, mtoto wa jirani yetu, aliamua kumpunguzia mama yake kazi ya kuangalia tangi la maji. Tangi liko juu ya jukwaa, na pampu iko kisimani. Ndani ya tangi alitia swichi ya boya. Maji yakipungua boya linashuka na swichi inafunga. Maji yakijaa boya linapanda na swichi inaachia. Waya wa mita kama 25 unaleta habari hiyo hadi kwenye bodi ya Arduino Uno, nayo inaamuru relei iwashe au izime pampu. Upande mmoja wa swichi aliuunga na 5V, upande wa pili na pini namba 2. Ikisomeka 1, pampu iwake. Ikisomeka 0, izime.

Maji yalipopungua, pampu iliwaka vizuri kabisa. Tangi lilipojaa, balaa likaanza. Relei ililia ta-ta-ta-ta kama cherehani, na pampu ikawa inashtuka na kuzima mfululizo. Kijana akaomba ushauri huku na huku. Alipofika kwangu alikuwa ameshaweka delay, ameshaweka wastani, na ameshanunua bodi ya pili kwa pesa aliyowekewa ya nauli ya kurudi chuoni. Bodi ya pili ilifanya vilevile.

"Kaka," akaniambia, "pini hii inatoa namba za kubahatisha. Lakini cha ajabu, umeme ukipotea nikabaki na betri ya laptopu, inatulia."

Hapo ndipo nilipoinua masikio. Kitu cha kubahatisha hakijui kama umeme umepotea.

Nikamwomba aache mambo ya pampu kwanza, swichi iwe imeachia, kisha aendeshe hii tu:

```
void setup() {
  pinMode(2, INPUT);
  Serial.begin(115200);
}
void loop() {
  Serial.print(digitalRead(2));
  delay(1);
}
```

Programu hii inasoma pini karibu kila milisekunde moja. Kwenye skrini zikatoka namba za namna hii:

```
1111111111000000000011111111110000000000
```

Moja kama kumi, sufuri kama kumi, tena na tena. Mzunguko mzima ni milisekunde 20 hivi. Sasa piga hesabu: katika sekunde moja inaingia mizunguko 50. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, nao unazunguka mara 50 kwa sekunde. Pini haikuwa ikibahatisha. Ilikuwa ikisoma umeme wa pampu, kwa uaminifu mkubwa, kwa sababu waya wa boya ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa pampu njia nzima kutoka tangini.

Ilikuwaje? Pini ya kusoma haivuti umeme karibu hata kidogo. Kwenye chipu ya ATmega328P iliyomo ndani ya Uno, mtengenezaji anaahidi kwamba mkondo unaovuja pinini hauzidi mikroampea 1. Pini inasikiliza tu. Volti ikiwa chini ya 1.5, ni hakika itasoma 0. Ikiwa juu ya 3.0, ni hakika itasoma 1. Katikati hapo hakuna ahadi yoyote. Swichi ilipofunga, pini iliungwa na 5V, ikasoma 1 bila wasiwasi. Swichi ilipoachia, pini haikuungwa na kitu. Watu wengi wanadhani kutounganishwa ni sawa na sufuri. Si kweli. Sufuri ni volti, nayo lazima iletwe na waya. Pini isiyoungwa na kitu inaelea, na chochote kilicho karibu kinaisukuma: waya wa pampu, kidole chako, hata waya wa jirani yake.

Sasa turudi kwa madaktari wa delay. Kijana aliweka delay(1000), akaona namba zimetulia kwa sekunde kadhaa, akafurahi. Kisha zikageuka zote, zikatulia upande wa pili. Kwa nini? Kwa sababu sekunde moja ni mizunguko 50 kamili ya umeme. Ukichungulia kila baada ya sekunde moja, unachungulia wimbi karibu mahali palepale kila mara. Umejificha kelele, hukuiondoa. Saa ya bodi na umeme wa gridi havilingani sawasawa, kwa hiyo unateleza polepole hadi ufike upande wa pili wa wimbi. Hiyo ni dawa mbaya kuliko ugonjwa, maana ugonjwa ulikuwa unaonekana.

Na wale wa wastani? Chukua wastani wa namba zile hapo juu. Utapata nusu. Chukua mia, chukua elfu, bado nusu. Haya, niambie: nusu maana yake tangi limejaa au halijajaa? Wastani unasaidia pale ambapo ukweli upo na kelele imeufunika. Hapa ukweli haupo kabisa kwenye waya. Huwezi kuukadiria.

Dawa ni kuipa pini mahali pa kukaa wakati hakuna anayeiamuru. Fikiria mlango wa boma uliofungwa kipande cha mpira wa tairi. Usipousukuma, mpira unaurudisha na mlango unakaa umefungwa, upepo hauuchezei. Mtu akitaka kupita, anausukuma kwa mkono mmoja. Mpira una nguvu kuliko upepo, lakini ni dhaifu kuliko mtu. Kazi ya mpira huo kwenye pini inafanywa na rezista ya kuvuta juu.

Tuliunga upya hivi. Upande mmoja wa swichi tukaupeleka GND badala ya 5V. Upande wa pili ukabaki pini namba 2. Kisha rezista moja, kutoka pini namba 2 hadi 5V. Swichi ikiwa imeachia, rezista inaivuta pini hadi volti 5, inasoma 1. Swichi ikifunga, GND inashinda, inasoma 0. Kumbuka maana imegeuka: sasa 0 ndiyo "maji yamepungua". Wengi wanasahau kugeuza sharti kwenye programu, halafu wanalaumu rezista.

Kwa nini rezista, si waya mtupu? Kwa sababu waya mtupu ni mlango uliopigwa misumari. Swichi ikifunga, 5V na GND zinagusana moja kwa moja, na bodi inazimika au inaungua.

Hapa msomaji mjanja atanipinga: "Lakini Uno ina rezista hiyo ndani yake, na inawashwa kwa neno moja, INPUT_PULLUP. Si hiyo ni programu?" Hoja nzuri, nami naikubali nusu. Neno hilo lipo tangu Arduino 1.0.1 ya mwaka 2012, na kwa kitufe kilicho sentimita kumi kutoka kwenye bodi linatosha kabisa. Lakini neno hilo halisahihishi namba. Linafunga swichi ndogo ndani ya chipu na kuunga rezista ya kweli. Nayo ni dhaifu: kati ya omu 20,000 na 50,000.

Sisi tulianza nayo. Relei ilipunguza kelele lakini haikunyamaza, na hesabu inaeleza sababu. Tuseme waya wa pampu unapenyeza mikroampea 100 tu kwenye waya wa boya. Zidisha kwa omu 50,000: unapata volti 5. Hiyo inatosha kuiangusha pini hadi sufuri. Tukaweka rezista ya nje ya omu 4,700. Mikroampea zilezile 100 mara omu 4,700 ni volti 0.47. Pini inabaki juu ya volti 4.5, mbali na ule mpaka wa 3.0. Swichi ikifunga, rezista inapitisha kama miliampea 1, ambayo bodi haiisikii. Relei ikanyamaza. Baadaye tukautenganisha waya wa boya na wa pampu, jambo ambalo lingefaa kufanywa siku ya kwanza.

Kuna faida nyingine ya mpango huu. Ng'ombe akiukata waya, pini inavutwa juu, inasoma 1, na pampu inazima. Kwa mpango wa kwanza, waya uliokatika ungekuwa antena. Hata hivyo maji yakiingia kwenye kiungo na kuzigusanisha nyaya mbili, pampu itawaka bila kukoma, na rezista haiwezi kukuokoa hapo. Wala haizuii radi, na nyanda zetu hizi za Kericho na Bomet radi tunazijua.

Utajuaje kama ugonjwa wako ni huu? Usiguse kitu, tazama namba. Zikicheza bila swichi kuguswa, pini inaelea. Zikicheza kwa milisekunde chache tu wakati swichi inafunga au kuachia, hiyo ni midundo ya chuma cha swichi, na hapo ndipo delay fupi ina haki yake. Kisha chukua rezista ya omu 10,000, gusisha pini na 5V: isome 1 daima. Igusishe na GND: isome 0 daima. Ikifaulu, bodi yako ni nzima, okoa pesa yako. Multimita usiitegemee sana, kwani nyingi zina ukinzani wa omu milioni 10, na ukiigusisha kwenye pini inayoelea inakuwa rezista yenyewe. Unapima, ugonjwa unapona, unaondoa, unarudi.

Na wenye ESP32 jihadharini: pini namba 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani. Ukiandika INPUT_PULLUP pale, pini itaendelea kuelea.

Rezista ile ya omu 4,700 niliitoa kwenye redio iliyokufa. Bodi ya pili bado imo kwenye pakiti yake, na kijana alirudi chuoni kwa nauli ya kukopa. Kwa hiyo wenzangu waandishi wa programu, mtu akija na pini inayocheza, kabla hujamwambia aongeze delay, muulize swali moja: swichi ikiachia, pini imeungwa na nini? Akijibu "hakuna", funga laptopu, tafuta rezista.