Printa ya Kwanza ya 3D kwa Bajeti Ndogo

SAFU YA KARAKANA
Na Salma Mwinyihaji

Printa ya 3D ya aina inayonunuliwa zaidi na wanaoanza husukuma uzi wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 1.75 kwenye nozeli ya moto, kisha huupanga uzi ulioyeyuka tabaka juu ya tabaka kwenye bamba linaloitwa kitanda. Mashine za daraja la kwanza huuzwa kwa dola 200 hadi 300 hivi, kabla ya usafirishaji na kodi. Kwa fedha hizo mnunuzi hupewa mambo matatu ya kulinganisha: ukubwa wa kitanda, kuwapo au kutokuwapo kwa kasha la kuifunika mashine, na wepesi wa matumizi. Wengi huyapanga kwa utaratibu huohuo, kwa kuwa ukubwa wa kitanda ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni. Safu hii inashikilia kwamba mwenye fedha kidogo aanzie upande wa pili: wepesi kwanza, kasha kulingana na plastiki atakayoitumia, na kitanda kiwe kile tu kinachotosha kazi yake.

Tuchukue mfano wa fundi wa vifaa vya umeme mwenye kibanda Tanga na bajeti ya dola 350 kwa kila kitu. Anataka kuchapa vitufe vya feni, vifuniko vya betri vya rimoti, miguu ya mashine za kufulia, na vishikio vya milango ya friji, ambavyo huvunjika mara kwa mara na spea zake ni shida kupatikana. Karibu vyote hivyo vinaenea kwenye kiganja. Kikubwa kuliko vyote ni kishikio cha friji, chenye urefu wa milimita 210 na upana wa milimita 30.

Vitanda anavyokutana navyo sokoni ni vya aina tatu. Kuna kidogo cha milimita 180 kwa 180, kama cha A1 mini ya Bambu Lab. Kuna cha 220 kwa 220, ambacho kimekuwa kipimo cha kawaida tangu Ender 3 ya Creality ilipoingia sokoni mwaka 2018. Na kuna cha 256 kwa 256. Kwa haraka mtu atasema kishikio cha milimita 210 hakiingii kwenye kitanda cha 180. Kinaingia, kikilazwa mshazari. Hesabu yake ni nyepesi: urefu na upana vikijumlishwa hupatikana 240, na 240 ikizidishwa kwa 0.707 hupatikana 170. Kwa hiyo kishikio kilichogeuzwa nyuzi 45 kinahitaji mraba wa milimita 170 tu, na bado inabaki nafasi ya milimita tano kila upande. Kipande kinachozidi hapo hukatwa viwili kwenye kompyuta, kikachapwa vipandevipande na kuunganishwa kwa skrubu au supa gluu.

Kitanda kikubwa kina gharama ambazo hazionekani dukani. Kwenye printa nyingi za bei nafuu kitanda chenyewe ndicho kinachokwenda mbele na nyuma, kwa hiyo mashine ya milimita 220 hudai nafasi ya karibu mara mbili ya kina hicho mezani, na nyaya za nyuma zisiguse ukuta. Kitanda hicho pia ni bamba la kupashwa moto. Mashine ya 220 kwa kawaida huja na kigeuza umeme cha wati 350, ilhali A1 mini hutumia kama wati 150 kwa kiwango cha juu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama UPS ndogo itaivusha mashine pale umeme unapokatika kwa dakika chache. Halafu kuna muda. Kitu kilichokuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo hula plastiki mara nne hadi nane, na saa huongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Kazi ya saa tatu inakuwa ya usiku kucha, na kazi ya usiku kucha ndiyo inayokutana na kukatika kwa umeme. Mashine nyingi leo zina uwezo wa kuendelea pale zilipoishia, lakini kitanda kikipoa kipande hubanduka, na hapo hakuna cha kuendelea nacho.

Kasha linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wengi hulinunua kama kinga ya vumbi. Kazi yake hasa ni kutunza joto. Plastiki iitwayo ABS huchapwa kwa nyuzi 230 hadi 250 za Selsiasi na hunywea sana inapopoa. Tabaka la chini limeshikwa na kitanda cha moto, la juu linapigwa na upepo, na mvutano kati yake huinua kona za kipande kutoka kitandani. Kwenye kipande kirefu dalili ni nyingine: nyufa za mlalo hutokea ukutani, mahali tabaka moja liliposhindwa kushikana na jenzake, na kipande huvunjika hapo kwa mkono mtupu. Kasha hushikilia hewa ya moto kuzunguka kazi, na nyufa hizo hupungua sana. Joto la chumba cha Tanga husaidia kidogo tu, na feni ya dari hufuta hata msaada huo. ABS pia hutoa moshi wenye harufu kali ambao si wa kuvutwa katika chumba kilichofungwa, na kasha pekee haliuondoi. Lazima utolewe nje.

Lakini je, fundi wetu anaihitaji ABS? Plastiki nyepesi kuliko zote kuchapa ni PLA, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Yatosha kwa kifuniko cha rimoti. Haifai kwa kitu kinachoachwa juu ya dashibodi ya gari juani, kwa maana joto la hapo hufika kiwango hicho na kipande hulegea kikapinda. Kati ya PLA na ABS kuna PETG, inayohimili hadi karibu nyuzi 80, haivunjiki ovyo, hainywei sana, na huchapwa vizuri kwenye mashine iliyo wazi. Vishikio vya friji, miguu ya mashine za kufulia na vitufe vyote vinatoshelezwa na PETG. Kazi yake, basi, haidai kasha.

Tena kasha lina usumbufu wake kwa anayechapa PLA. Mlango ukifungwa, joto hupanda hadi uzi unalainika kabla ya kufika kwenye nozeli, unavimba na kuziba njia. Mota ya kusukuma uzi huanza kugonga, ta-ta-ta, na kuta za kipande hutoka nyembamba zenye mapengo. Dawa yake ni kufungua mlango na kifuniko, yaani kuitumia mashine kana kwamba haina kasha. Wapo wanaofunika mashine ya wazi kwa boksi la karatasi. Hilo ni jambo la hatari, kwa kuwa karatasi inakaa karibu na nozeli ya nyuzi 240 na bodi za umeme ambazo hazikuundwa kufanya kazi ndani ya joto, na mtu asidhubutu kuiacha mashine ya namna hiyo bila mwangalizi.

Haki itendeke kwa mashine mpya: bei za zenye kasha zimeshuka. Centauri Carbon ya Elegoo, iliyotoka mwaka 2025, ina kasha kamili na kitanda cha milimita 256, na ilianza kuuzwa kwa kama dola 300. Kwa anayeishi karibu na ghala la muuzaji hiyo ni bei nzuri sana. Kwa anayeagiza hadi Tanga kuna jambo la kuongeza, nalo ni uzito. Mashine hiyo inazidi kilo 15, na A1 mini haifiki kilo 6. Mizigo ya ndege hutozwa kwa kilo au kwa ujazo wa katoni, kwa hiyo tofauti ndogo ya bei dukani huwa kubwa mzigo unapofika.

Wepesi wa matumizi hauna kipimo kinachoandikwa kwenye katoni, lakini unajulikana kwa kuangalia tabaka la kwanza. Tabaka hilo lina unene wa milimita 0.2 hivi, na likikosea kazi yote imeharibika. Nozeli ikiwa juu mno, uzi hutua ukiwa mviringo, haushiki, na mwishowe huburutwa kama tambi. Ikiwa chini mno, plastiki hubanwa hadi kuonekana kitanda chini yake, na mota hugonga. Kwenye mashine za zamani mtu alisawazisha kitanda kwa kuzungusha vifundo vinne huku akipitisha karatasi chini ya nozeli mpaka ikwaruze kidogo tu. Mikono iliyozoea huifanya vizuri. Anayeanza hupoteza jioni nyingi hapo, na wengine huifunika mashine wasiirudie.

Mashine mpya ina kihisi kinachogusa kitanda sehemu nyingi na kufidia mabonde yake. Hata hivyo muuzaji aulizwe maswali mawili, wala si moja. Je, mashine inapima usawa wa kitanda yenyewe? Na je, inapima yenyewe umbali wa nozeli kutoka kitandani? Zipo zinazofanya la kwanza tu, na mnunuzi anarudi kwenye karatasi yake. Ender-3 V3 SE ya Creality na A1 mini zote hufanya yote mawili, na zote zina bamba la chuma linalotoka na kupindika, ili kipande kilichopoa kibanduke bila kisu.

Zinatofautiana kwenye spea. Nozeli za jamii ya Ender hupatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo, na zinaingiliana na za mashine nyingi. A1 mini hubadilishwa nozeli kwa sekunde chache bila spana, ila sehemu zake ni za kampuni hiyo na huagizwa. Anayekaa mbali na wauzaji aagize nozeli ya akiba pamoja na mashine.

Kabla ya kulipa, hasa kwa mashine iliyotumika, muuzaji aombwe achape tabaka moja la miraba mitano midogo: minne kwenye kona, mmoja katikati. Kazi hiyo haimalizi robo saa. Mistari ikishikana bila mapengo kwenye miraba yote, kitanda na nozeli ni vizima. Kona moja ikibanduka kila inaporudiwa, bamba limepinda au kihisi kina hitilafu.

Fundi wetu, basi, ananunua mashine ya wazi ya milimita 180 au 220 inayojisawazisha, kwa dola 200 na ushei, na sehemu kubwa ya zilizobaki inakwenda kwenye usafirishaji na kodi. Anahitaji pia kalipa ya dijitali, maana kishikio kilichovunjika hakichapwi bila kupimwa, na roli mbili za PETG za kilo moja. Mwisho ni chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana na vifuko vya silika, kwa sababu unyevu wa pwani huingia kwenye uzi. Uzi uliolowa hupasukapasuka kwa sauti kwenye nozeli na kuacha nyuzinyuzi juu ya kazi, na hapo PETG hukaushwa kwa nyuzi 65 kwa saa sita hivi ndipo irudishwe mashineni.