Vifaranga kwa Zamu

Mama mmoja wa jamaa ya msikiti wetu, mjane, alikuwa akiingiza vifaranga 200 wa kuku wa nyama kwa mara moja. Walipotimiza wiki sita aliwauza wote kwa bei ya mnunuzi, ambaye alijua vyema kwamba kila siku ya kungoja ni chakula kinacholiwa bure. Kisha alikaa wiki nane bila kipato, na kodi ya nyumba haingoji.

Tulikaa naye tukahesabu. Kuku hukua wiki sita, na chumba huhitaji wiki mbili za kuondolewa maranda, kuoshwa, kupuliziwa dawa na kubaki kitupu. Hizo ni wiki nane. Basi aligawa banda vyumba vinne kwa ukuta, na kila baada ya wiki mbili akaingiza vifaranga 50 katika chumba kimoja. Kundi la nne lilipoingia, la kwanza lilikuwa limeuzwa. Tangu hapo huuza kila wiki mbili, na fedha ya kundi moja hununua chakula cha linalofuata.

Mkaa wa kuwapa joto wadogo sasa humwishia zaidi, hilo hatulifichi. Hatari kubwa ni maradhi, hasa Gumboro, ambayo vimelea vyake hudumu katika maranda ya zamani. Kwa hiyo huanza kuhudumia wadogo, humalizia wakubwa, na kila chumba kina viatu vyake. Kuku waliodumaa hawahamishiwi kwa wadogo wao. Huuzwa pamoja na kundi lao.