Mistari Iliyopishana: Kukokotoa Kizigeu cha Uhusiano Kutoka Kwenye Picha

Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Manyoni, iko mbali na ofisi zinazochambua takwimu za afya. Daftari la kliniki ya wajawazito haliwezi kusafirishwa, kwa kuwa linahitajika kila siku. Kinachosafiri ni picha yake iliyopigwa kwa simu. Rai yangu ni kwamba anayepokea picha ya namna hiyo akokotoe kwanza uhusiano kwa mkono, kabla ya kuingiza tarakimu hata moja katika kompyuta. Sababu yangu ni makosa ya usomaji ambayo kompyuta hayaoni.

Tuchukue jedwali dogo, nililolibuni kwa ajili ya maelezo haya. Safu ya kwanza ni umri wa mimba kwa wiki, na ya pili ni kimo cha mimba kwa sentimita, kilichopimwa kwa futikamba. Kwa mpangilio wa akina mama walivyofika, jozi ni hizi: 30 na 27, 20 na 21, 34 na 30, 24 na 23, 32 na 33, 28 na 28. Wastani wa wiki ni 28, na wa vimo ni 27. Sasa kila thamani ipunguzwe wastani wake. Wiki zinatoa 2, -8, 6, -4, 4, 0. Vimo vinatoa 0, -6, 3, -4, 6, 1. Kila safu ya tofauti hizi lazima ijumlike kuwa sifuri. Isipokuwa hivyo, hesabu ya wastani imekosewa.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito. Zidisha tofauti mbili za kila mstari, na uandike zao hilo kando ya mstari wake: 0, 48, 18, 16, 24, 0. Jumla ni 106. Kisha jumlisha vipeo vya pili vya tofauti za wiki, upate 136, na vya vimo, upate 98. Kizigeu ni 106 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 136 × 98, yaani takriban 115.4. Jibu ni 0.92.

Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu huipinda mistari. Jicho linaloifuata kutoka kushoto huteleza, na vimo vya mstari wa nne na wa tano hubadilishana nafasi: wiki 24 zinapewa 33, na wiki 32 zinapewa 23. Jumla za safu hazibadiliki. Wastani haubadiliki, wala 136 na 98. Mhakiki anayelinganisha jumla peke yake ataridhika kabisa. Kilichobadilika ni mazao mawili tu, ambayo sasa ni -24 na -16. Jumla ya mazao inashuka hadi 26, na kizigeu kinakuwa 0.23. Kompyuta ingetoa 0.23 hiyo bila kunung'unika, na mtu angeandika kwamba vipimo vya kliniki havifuatani na umri wa mimba.

Anayekokotoa kwa mkono, kinyume chake, anaziona alama mbili za kutoa mahali ambapo mazao mengine yote ni chanya au sifuri. Hapo ndipo arudi kwenye picha, aweke rula chini ya mstari, na kama bado haisomeki aombe picha nyingine iliyopigwa kutoka juu kabisa ya ukurasa. (Majina ya akina mama yafunikwe kabla ya kupiga, hesabu haiyahitaji.) Asisahihishe kwa kukisia. Mama mwenye wiki 24 na kimo cha 33 anaweza kuwapo kweli: huenda ana mapacha, au maji ya uzazi yamezidi, au tarehe zake zimekosewa. Kumrudisha kwenye 23 ili hesabu ipendeze ni kumfuta mgonjwa anayepaswa kuchunguzwa.

Hata hivyo, 0.92 isidaiwe zaidi ya inachosema. Jozi sita ni chache mno kuthibitisha jambo. Tena kizigeu hupima jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja kwa kufuata mstari mnyoofu. Hakipimi kama vinalingana. Futikamba iliyokatika mwanzoni, ikawa inaongeza sentimita 5 katika kila kipimo, ingeacha kizigeu kilekile 0.92, kwa kuwa wastani nao ungepanda kwa 5 na tofauti zote zingebaki zilivyo. Ubovu huo hutafutwa kwa kutoa wiki katika sentimita, mstari kwa mstari, kwa sababu baada ya wiki ya 20 namba hizo mbili hukaribiana. Katika jedwali letu tunapata -3, 1, -4, -1, 1, 0, wastani wake -1. Kwa futikamba ile mbovu wastani ungekuwa 4.