Chupa Moja ya Kutwa



Kijana wa miaka 24, mwenye kuketi katika duka la vitambaa la babake hapa Mombasa, alikuja kuniona akilalamika kuwa maji baridi yamekuwa adui yake. Kila akinywa, meno ya mbele humtia ganzi, mfano wa mtu aliyekula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Mamake aliyefuatana naye alikuwa na hoja yake tayari: “Huyu mwanangu, daktari, hapendi peremende wala keki, na mswaki hauachi. Iweje meno yake yamharibikie?”

Nilipomtazama kinywani, sikuona tundu hata moja. Meno yalikuwa safi, tena yaking’aa kupita kiasi. Lakini ncha za meno mawili ya mbele ya juu zilikuwa nyembamba, na mwanga ulipita ndani yake kama upitavyo katika kaure. Karibu na ufizi rangi ilikuwa imeelekea umanjano. Juu ya magego, pale panapostahili kuwa na vilele, palikuwa na vishimo vidogo vya duara, laini kama vilivyosuguliwa. Nikamuuliza anakunywa nini dukani. Akajibu kwa utulivu: “Soda tu, daktari. Chupa moja ya nusu lita. Moja tu kutwa.”

Ndani ya neno hilo, “kutwa”, ndimo ulimokuwa ugonjwa wake.

Jino limevikwa gamba gumu liitwalo enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wa binadamu. Takriban sehemu 96 katika kila 100 za uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfati. Lakini ugumu huo una udhaifu mmoja, nao ni asidi. Akina mama wanaotumia maji ya kisima wanaijua habari hii jikoni: birika likishika gome jeupe la chokaa, hukamuliwa ndimu ndani yake, na gome likalainika na kutoka bila ya kupigwa nyundo. Madini ya gome lile si sawa kabisa na ya jino, lakini kisa ni kimoja: asidi huyayeyusha madini ya kalsiamu.

Wataalamu hupima ukali wa asidi kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi huwa karibu na 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, kila hatua moja ikiwa ni ukali mara 10. Enameli huanza kupoteza madini yake pH inaposhuka chini ya takriban 5.5. Soda nyeusi za kola huwa karibu na 2.5, na zile za ladha ya machungwa au ndimu huwa karibu na 3. Asidi yenyewe si povu lile linalopanda puani. Ni asidi ya fosforiki katika kola, na asidi ya sitriki katika soda za matunda. Kwa hiyo soda iliyoachwa mpaka ikapoa povu haijawa salama kwa jino. Wala soda isiyo na sukari haijasalimika. Huyo mwenye kisukari aliyeihamia ameepukana na sukari, na kwa hilo amefanya vyema, lakini asidi imebaki pale pale.

Sukari nayo ina madhara yake ya pili. Vijidudu vilivyo katika ukoga wa meno huila na kutoa asidi yao wenyewe, na hiyo ndiyo itobolayo meno. Kijana wetu alikuwa akipiga mswaki kwa bidii, ukoga haukukaa, na hivyo aliepuka matundu. Asidi ya soda yenyewe haihitaji vijidudu. Hulilamba jino safi kama inavyolilamba jino chafu.

Mwenyezi Mungu ameweka kinywani mlinzi, nayo ni mate. Kila asidi inapoingia, mate huja kuipunguza makali na kuiosha, kisha huyarudishia meno sehemu ya madini yaliyolegea. Lakini kazi hiyo yataka muda. Baada ya funda moja la soda, kinywa huhitaji takriban nusu saa kurejea katika hali ya salama. Kwa wengine hupungua, kwa wengine huzidi. Sasa tuihesabu ile chupa.

Kijana alikuwa akiifungua saa mbili asubuhi, akaiweka kando ya meza ya fedha, na kila baada ya dakika 20 hivi akapiga funda, mpaka saa sita mchana. Hayo ni mafunda kama 12. Kila mate yalipokaribia kumaliza kazi, funda jingine lilishuka na kuirudisha hesabu mwanzo. Kwa hivyo meno yake yalikaa ndani ya asidi muda wote wa saa nne, na nusu saa ya mwisho juu yake, jumla dakika 270. Lau chupa ile ile angeinywa pamoja na chakula cha mchana kwa dakika 15, kisha akaiacha, hesabu ingekuwa dakika 15 na nusu saa ya kurejea, yaani dakika 45. Soda ni ile ile, sukari ni ile ile, bei ni ile ile, lakini jino limeteseka mara 6. Ndiyo maana daktari wa meno huuliza kwanza umekunywa mara ngapi na kwa muda gani, kabla ya kuuliza umekunywa kiasi gani.

Mamake alikuwa amesikia habari ya mrija, na kijana alikuwa akiutumia. Nikamwomba anionyeshe namna anavyonywa. Aliubana mrija baina ya midomo, ncha yake ikigusa nyuma ya meno ya mbele, na soda ikawa inamwagikia pale pale tunapotaka kupalinda. Mrija hufaa pale ncha yake inapopita meno ya mbele na kuelekea nyuma ya ulimi, na kinywaji kikamezwa mara moja bila ya kuzungushwa mdomoni. Ukitumiwa hivyo, hupunguza asidi inayogusa meno ya mbele. Lakini magego yako njiani hata hivyo, na mrija hauwezi kuyaficha. Tena una hila yake: mtu huona kuwa amejikinga, akaiweka chupa yenye mrija mbele yake kutwa nzima. Mrija uliotumiwa kwa saa nne ni mbaya kuliko bilauri iliyonywewa kwa robo saa.

Kusukutua nako kuna namna yake. Mara tu umalizapo soda, chukua funda la maji matupu, lizungushe pande zote za kinywa kwa muda wa nusu dakika, kisha liteme au ulimeze, na ukipenda rudia. Maji huiondoa asidi iliyobaki na kuyapunguzia mate mzigo. Hayarudishi madini yaliyokwisha kutoka, na hayasaidii kitu iwapo baada ya dakika 20 utarudi kwenye chupa. Kijana wetu alikuwa akisukutua vizuri, mara tatu, anapotawadha kwa Adhuhuri. Lakini hapo tayari saa nne zilikuwa zimepita.

Lililonihuzunisha zaidi ni bidii yake. Alipohisi meno yanakwaruza, alinunua mswaki mgumu, akawa anasugua kila amalizapo soda. Enameli iliyotoka kuguswa na asidi huwa imelainika juu yake, na anayeisugua wakati huo huiondoa tabaka ile ambayo mate yangeweza kuiimarisha tena. Kilichoondolewa hakirudi, kwani enameli haina chembe hai za kuijenga upya kama ngozi au mfupa. Ngojea nusu saa, na saa nzima ni bora, kisha ndipo upige mswaki laini kwa dawa yenye floraidi. Hata mswaki wa mti hukumu yake ni hiyo hiyo baada ya soda: sukutua kwanza, usugue baadaye.

Kwa wenye kufunga kuna neno moja. Kinywa kilichoshinda bila ya maji huwa kikavu, na mate huwa haba. Anayefuturu kwa soda baridi humtuma adui wakati mlinzi amechoka. Maji yatangulie, na soda, ikiwa lazima iwepo, ije pamoja na chakula. Usiku nao ni hatari kwa sababu hiyo hiyo, kwani mate hupungua sana mtu anapolala. Chupa ya kupigia gumzo baada ya tarawehe, ikifuatwa na mto, huachia meno asidi mpaka daku.

Ewe mzazi, ukitaka kujua kama jambo hili limeingia nyumbani mwako, mwite mwanao penye mwanga wa dirisha. Angalia ncha za meno ya mbele kama zimekuwa nyembamba na zenye kupitisha mwanga, na kama umanjano umejitokeza, kwani chini ya enameli mna dentini, na hiyo rangi yake ni ya manjano. Angalia magego kama yana vishimo laini. Aliyezibwa jino zamani, tazama kama kizibo kimesimama juu kuliko jino linalokizunguka. Kizibo hakikuota, ni jino lililoshuka. Nawe ukiona meno ya juu yamelika zaidi upande wa ndani, ilhali mtu hanywi soda, ukwaju wala ndimu, mpeleke kwa tabibu. Huenda asidi yatoka tumboni kwa kiungulia, na hapo mrija na maji havitatibu chanzo.

Kijana wetu hatukumkataza soda. Tuliihamisha chupa kutoka meza ya fedha hadi sinia ya chakula cha mchana, na pale mezani ikawekwa chupa ya maji. Mswaki mgumu ulitupwa. Ncha mbili za mbele tulizijenga kwa kizibo cheupe, na dawa ya floraidi ikapakwa palipokuwa pakimtia ganzi. Baada ya miezi mitatu alirudi akinywa maji ya barafu bila ya kukunja uso. Vile vishimo vya magego vingalipo, navyo vitabaki, lakini nilipovipima sikuona vimezidi.

Mamake alipokuwa akitoka aliniuliza kuhusu sharubati ya ukwaju anayoiweka mezani kila alasiri. Nikamwambia ukwaju nao ni asidi, hesabu yake ni moja: bilauri moja, kikao kimoja, kisha maji. Akacheka, akasema atauficha mtungi.

Wabillahi tawfiq.