Teki ya mwisho si lazima iwe teki bora

Kuna tabia moja ya maedita wa hapa Nax ambayo nataka tuiongelee, na naanza na mimi mwenyewe kwa sababu niliifanya kwa miaka miwili. Mnashuti sini, direkta anapiga teki sita, saba, nane, halafu akifika ya mwisho anapiga makofi: "Hiyo ndiyo! Twende ingine." Ukifika nyumbani unafungua laptopu, unachukua ile ya makofi, unaitupa kwa taimlaini na kulala. Hizo zingine zote hujaziangalia hata kidogo.

Mimi nasema direkta akipiga makofi anakadiria tu. Amechoka, jua linashuka, na mwenye nyumba ashauliza mara tatu mtatoka saa ngapi. Anafurahia kwamba hatimaye mistari yote imesemwa bila kukosea. Lakini hapo anaisifu kumbukumbu ya muigizaji, na uigizaji ni kitu kingine.

Wacha niwape mfano. Tulishuti filamu fupi kwa nyumba moja huko Free Area, Jumamosi moja. Sini yenyewe ni rahisi: kijana anarudi nyumbani na kumwambia mamake ameacha chuo, mama akiwa anasukuma chapati. Kurasa mbili za skripti, mistari 14 ya maneno. Tulikuwa na kamera moja, kwa hivyo tulipiga waidi ya wote wawili teki tano, kisha klozapu ya mama teki sita, kisha klozapu ya kijana teki nane. Jumla ni klipu 19, kila moja kama dakika mbili na nusu.

Rafkati yangu ya kwanza (rafkati ni ile edit ya kwanza ya hadithi nzima, kabla ya muziki na rangi) niliipiga usiku mmoja. Niliweka teki ya sita ya mama na ya nane ya kijana, zile za makofi. Nikawaonyesha wasee wangu wanne. Wakasema "iko poa." Hiyo "iko poa" unaijua. Ni ile mtu anasema huku ashashika simu yake tena.

Na hii sini ilikuwa inanihusu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na karo yangu ilikuwa imechangwa na watu wa kwetu. Kama kuna sini moja nisingekubali iwe "iko poa," ni hii. Kwa hivyo nikarudi nyuma na kufanya kazi niliyokuwa naikwepa: kulogi.

Kulogi ni kuandika. Unachapisha skripti na kupatia kila mstari nambari, 1 hadi 14. Halafu unaangalia kila klipu mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kusimamisha, na ikiisha unaandika neno moja au mawili kuhusu vile umesikia moyoni. Usiandike kitu cha foka au maiki saa hii. Unaandika "nimeboeka," "nimemhurumia," "simwamini." Walter Murch, mmoja wa walioedit Apocalypse Now ya 1979, anajulikana kwa kuandika vitu kama hivi akiona picha kwa mara ya kwanza, na kuna sababu. Mara ya kwanza wewe bado ni mtazamaji. Ukishaiona mara kumi huwezi tena kushtuka mahali mtu atashtuka, na hapo ile karatasi ndiyo inakukumbusha.

Raundi ya pili ndiyo ya kupasua. Unarudi kwa kila klipu na unaenda mstari kwa mstari. Mimi natumia alama tatu pekee: 1 ni hapana, 2 inaweza, 3 ndiyo hii. Nilijaribu kupeana alama kwa kumi, nikajipata nabishana na nafsi yangu kati ya sita na saba hadi saa nane usiku. Kisha kuna safu mbili tofauti, na hapa tafadhali nisikilizeni: uigizaji una safu yake, na makosa ya mitambo yana safu yake. Ukizichanganya, utaangusha teki tamu sana kwa sababu ya kelele ambayo ingerekebishika.

Sasa tuone mstari wa 7. Mama anauliza, "Na ile pesa ya harambee?" Hiyo ndiyo nguzo ya sini yote. Hivi ndivyo logi yangu ilivyosema kwa klozapu ya mama:

```
L07 T1 1:09  2  anatafuta maneno      | sauti safi
L07 T2 1:14  3  anauliza unga, taratibu | boda juu ya "harambee"
L07 T3 1:11  2  kama T2, anainua macho  | sauti safi
L07 T6 1:03  1  anapiga kelele        | sauti safi
```

Ile nambari ya katikati ni dakika ndani ya klipu, ndio usitafute tena kesho. T4 na T5 zilikuwa 1 pia, sijaziweka hapa.

Ona kilichotokea. Huyu mama si muigizaji wa kazi, amezoea michezo ya kanisa. Teki mbili tatu za kwanza alikuwa anaishi ile hali. Kwenye T2 aliacha kusukuma, akashika kile kijiti kwa mikono miwili, akauliza akiangalia unga, kwa sauti ndogo, kama anaogopa jibu. Baada ya T3 direkta akamwambia "ongeza hasira kidogo, mama." Akaongeza. Kuanzia T4 anapiga kelele za televisheni. Na T6 ndiyo ilipata makofi.

Kijana naye alikuwa kinyume. T1 hadi T5 anakariri kama mtoto wa darasa la nne kwa paredi. Alipoanza kuchoka ndipo alianza kuongea kama mtu. Yake nzuri ilikuwa T7. Kwa hivyo mmoja yuko moto mapema na mwingine yuko moto mwishoni, na hakuna teki hata moja ya waidi ambayo wote wawili wako sawa pamoja. Ukiwa na kamera moja hii hutokea sana, na bila karatasi huwezi kuijua, kwa sababu kichwani mwako teki zote zimekuwa uji.

Nikipanga ile orodha, naipanga kwa mstari, si kwa teki. L07 zote pamoja, L08 zote pamoja. Halafu kwa taimlaini ya pembeni naweka zile L07 zote zikifuatana, sita za mama na tano za waidi, naziangalia mfululizo, kisha naziskiza macho yakiwa yamefungwa. T2 ilishinda hata nikiwa nimefunga macho, pikipiki ikipita juu yake.

Hiyo boda tuliitatuaje? Picha nilichukua ya T2, sauti nikatoa T3, kwa sababu alikuwa amesema kwa mwendo karibu ule ule. Neno "harambee" lilichelewa kidogo tu kwa midomo, nikalirudisha nyuma. Na kwa vile anaangalia chini, midomo haionekani vizuri, hakuna mtu ameshika hadi leo. Kelele kwa sauti ina dawa, mradi kuna teki nyingine safi yenye mwendo sawa. Neno likikosewa, unaweza kulificha kwa kuonyesha uso wa anayesikiliza. Lakini kama foka imekosa macho kwa klozapu, au mtu ametupia kamera jicho, hiyo achana nayo. Iandike kwa logi uisahau.

Na kwa sababu nimetaja anayesikiliza: logi pia kimya. Wengi huandika mistari ya maneno peke yake. Kwa klozapu ya kijana nilikuwa na safu inaitwa "L07 anasikiliza," na kwa T4, teki ambayo maneno yake yote yalikuwa takataka, uso wake akisikia neno harambee ulikuwa bora kuliko kitu chochote alichosema siku hiyo. Nikautumia, sekunde mbili na kidogo.

Sasa wacha nijipinge, maanake hii njia ina mtego na niliingia. Nilipomaliza kuchagua, nikashona kila mstari na teki yake yenye 3. Ikatoka vibaya! Mstari wa 8 kijana anajibu kutoka T7, macho yamelowa. Mstari wa 9 nilichukua T3, ambayo ukiisikiza peke yake ni safi, ina kaucheshi. Lakini sekunde moja nyuma macho yalikuwa na machozi, sasa ni makavu kabisa, na hasira imepotea kama stima ya hapa ikinyesha. Mstari mzuri ukiwa peke yake unaweza kuwa mbaya ukiwa na jirani.

Kwa hivyo siku hizi nachagua nguzo kwanza. L07 ya mama, T2. L08 ya kijana, T7. Halafu majirani wanafuata teki ile ile hadi nipate sababu kubwa ya kutoka. Kijana nilimwacha T7 kutoka mstari wa 8 hadi wa 12, hata ingawa mbili kati yake zilikuwa na alama 2. Sini ikapumua. Ilitoka dakika mbili na sekunde hamsini, ndefu kuliko inavyofaa, lakini kwa rafkati hiyo haina shida. Kukata nafasi ni kazi ya raundi inayofuata.

Najua mtasema hii ni kazi ya watu wenye muda. Klipu 19 zilinichukua masaa matatu na nusu kulogi, kwa Google Sheets ya bure, na daftari ya duka ingefanya kazi ile ile. Ukiwa unashuti skiti ya mtu mmoja mbele ya simu, teki mbili, usijisumbue, angalia zote na uchague. Lakini mkishakuwa watu wawili na skripti, na klipu zimepita kumi, ukiedit kwa kumbukumbu unaedit kwa makofi.

Kitu kimoja bado sijakisema. Ile T6 ya kelele, mimi pia niliipenda siku ya shuti. Niliamini mama akisikia hivyo lazima apige kelele. Kumbe mamangu mwenyewe hakupiga. Aliniuliza taratibu, akiwa ameinamia sufuria, na kwa logi nilikuwa nimeandika kando ya T2, kabla hata sijafikiria: "namjua huyu."

Nilipomwonyesha yule mama wa kanisa rafkati mpya, alinyamaza hadi mwisho. Nikamuuliza, "Umeonaje, mama?" Akasema ni nzuri, kijana wangu, lakini pale mwisho, wakati tunaonekana wote wawili, mbona chapati kwa sahani zimepungua? Na ni kweli. Waidi ya mstari wa 13 nimeitoa T1, kabla hajapika nyingi. Ndio sehemu pekee ya skripti sikuwa na safu ya kuhesabu chapati.